Barua Pepe kwa Mwalimu Mkuu Mtoto Anapoonewa

Asubuhi moja ya kawaida, mwalimu mkuu wa shule ya msingi hukuta barua pepe za kila namna: mzazi anauliza karo, mwingine sare, mzabuni wa chakula anadai malipo, ofisi ya elimu inataka takwimu kabla ya saa sita. Katikati ya msururu huo inaingia barua ya mzazi ambaye mtoto wake anaonewa na wenzake. Ikiwa imejaa hasira, mwalimu ataisoma akiwaza namna ya kumtuliza mzazi. Ikiwa imebeba matukio, tarehe na mahali, ataisoma akiwaza namna ya kumlinda mtoto. Mzazi anayetaka mtoto wake awe salama kesho anahitaji barua ya aina ya pili, hata kama moyoni ana kila sababu ya kuandika ya kwanza.

Nitaieleza barua hiyo kwa mfano mmoja nilioutunga: mama wa Dar es Salaam mwenye mtoto wa Darasa la Tano katika shule ya binafsi, anayepanda basi la shule la Tabata. Kisa ni cha kutungwa, lakini mambo yaliyomo hutokea. Kwanza kuna kazi mbili za kufanya kabla ya kugusa simu au kompyuta.

Msikilize mtoto, kisha andika

Mtoto anayeonewa mara nyingi hasemi moja kwa moja. Husema tumbo linauma kila asubuhi ya shule, hurudi na njaa ilhali alipewa hela ya chakula, hupoteza madaftari, au huomba apelekwe kwa njia nyingine. Mzazi akishashuku, kosa jepesi kulifanya ni kuuliza swali lenye jibu ndani yake: "Ni yule mtoto wa mama fulani amekupiga tena, si ndiyo?" Mtoto atakubali, ama kwa woga ama kwa kutaka kukupendeza, na kuanzia hapo hujui tena lipi ni lake na lipi ni lako. Muulize maswali yaliyo wazi. Ilikuwaje? Ulikuwa wapi? Nani mwingine alikuwepo? Halafu ikawaje? Usimrudishe kwenye simulizi ileile mara nne usiku mmoja, kwa maana kila akirudia ataongeza au kupunguza.

Akishalala, andika. Daftari la kawaida linatosha: siku, saa kwa kukadiria, mahali, aliyefanya, alichofanya au kusema, waliokuwepo. Maneno yaliyotamkwa yaandike kama mtoto alivyoyataja, hata yakiwa machafu. Kisha tenganisha mambo matatu ambayo mzazi mwenye uchungu huyachanganya: ulichokiona kwa macho yako, ulichoambiwa na mtoto, na unachoshuku. Mchubuko umeuona. Kwamba alisukumwa, umeambiwa. Kwamba mwalimu wa zamu alijua akanyamaza, hilo unashuku tu. Mawili ya kwanza yanaingia kwenye barua. La tatu libaki daftarini, nawe uliulize ndani ya kikao.

Ugomvi wa watoto, au uonevu?

Kazi ya pili ni kujiuliza swali ambalo mwalimu mkuu atakuuliza: je, watoto hawakugombana tu? Watoto hugombana, hununiana na hupatana, na shule ina haki ya kutofautisha. Mtu aliyesaidia sana kuweka mpaka huo ni Dan Olweus, mwanasaikolojia aliyefanya kazi yake kubwa Bergen, nchini Norwe. Mwaka 1982 wavulana watatu wa kaskazini mwa nchi hiyo walijiua, na uonevu wa wenzao ukaonekana kuwa sababu kubwa. Mwaka uliofuata serikali ilianzisha kampeni ya kupambana na uonevu katika shule za nchi nzima, na Olweus akaunda mpango wa kazi ambao baadaye ulifuatwa katika nchi nyingi.

Kwa Olweus, kitendo kinakuwa uonevu kikiwa na sifa tatu. Kinafanywa kwa kukusudia kuumiza. Kinajirudia. Na kuna tofauti ya nguvu kati ya wahusika: umri, mwili, idadi, au hadhi mbele ya wenzao, kiasi kwamba anayeumizwa hawezi kujitetea kwa urahisi. Watoto wawili wa darasa moja wanaotukanana kila siku wana tatizo la nidhamu. Wawili wa Darasa la Saba wanaomwandama mmoja wa Darasa la Tano ni jambo lingine kabisa.

Sifa hizo zinamsaidia mzazi anapochagua nini aandike na nini aache. Hana haja ya kurudia neno "uonevu" katika kila mstari. Anachohitaji ni kuonyesha kukusudia, kujirudia na tofauti ya nguvu kwa njia ya matukio yenyewe, ili msomaji afike kwenye hitimisho hilo mwenyewe.

Barua yenyewe

Mama wetu anaandika Jumatano, tarehe 20 Agosti, saa tatu asubuhi. Katika barua halisi majina ya watoto huandikwa kamili. Hapa nimeweka herufi.

*Kichwa: Ombi la kikao cha dharura: usalama wa mwanafunzi, Darasa la Tano B, basi la Tabata*

*Mwalimu Mkuu,*

*Habari za kazi. Mimi ni mama wa mwanafunzi N wa Darasa la Tano B, anayepanda basi la Tabata. Naomba kukutana nawe kesho Alhamisi tarehe 21 au Ijumaa tarehe 22 Agosti kuhusu matukio matatu ya mwanangu kuonewa, yaliyotokea ndani ya siku tisa.*

*1. Jumatatu 11 Agosti, jioni, ndani ya basi. Mwanangu ameniambia kuwa wanafunzi wawili wa Darasa la Saba, A na B, walimnyang'anya shilingi 1,000 na kumwambia atakuwa akitoa kila Jumatatu.*

*2. Alhamisi 14 Agosti, mapumziko ya saa nne, kwenye mabomba ya maji. Anasema A alimsukuma akaanguka. Aliporudi nyumbani niliona mchubuko kwenye kiwiko cha kushoto, na mkono wa shati ulikuwa umechanika. Nilipiga picha ya mchubuko jioni hiyo. Saa kumi na mbili nilimpigia simu mwalimu wa darasa; alinisikiliza na kuahidi kufuatilia.*

*3. Jumanne 19 Agosti, jioni, ndani ya basi. Anasema B alitupa daftari lake la Hisabati nje kupitia dirishani. Mhudumu wa basi aliniambia kwamba aliona daftari likitoka dirishani, lakini hakumwona aliyelitupa.*

*Leo asubuhi mwanangu amesema tumbo linamuuma na amekataa kupanda basi. Nimemleta shuleni mwenyewe. Kabla ya mwezi huu hajawahi kukataa kuja shule.*

*Naomba kikao kiwe cha haraka kwa sababu matukio yanafuatana, na watoto hawa hupanda basi moja kila siku. Wakati tunasubiri kukutana, naomba mambo mawili: mwanangu aketi kiti cha mbele karibu na mhudumu wa basi, na mwalimu wa zamu aangalie eneo la mabomba wakati wa mapumziko.*

*Sijasikia upande wa wanafunzi wengine, na sijawasiliana na wazazi wao. Naiachia shule kazi hiyo. Ningependa mwalimu wa darasa awepo kwenye kikao.*

*Naomba jibu leo kabla ya saa nane mchana, ili nijue mwanangu atarudije nyumbani. Napatikana kwenye simu namba iliyo hapa chini.*

*Wako katika malezi,*
*(jina kamili, namba ya simu)*

Kwa nini imepangwa hivyo

Barua zetu rasmi zina desturi ya kuanza na "Yah" na kisha "Husika na kichwa cha habari hapo juu", zikafuatwa na salamu ndefu. Kwenye barua pepe, sehemu ya kichwa ndiyo inayoonekana kwanza kwenye simu ya mwalimu, hivyo ibebe mambo matatu: unaomba nini, ni kuhusu usalama, na mtoto yuko darasa gani. Kichwa kinachosema "Malalamiko" au "Habari" tu kitasubiri zamu yake pamoja na sare na karo.

Salamu ibaki, maana kumwandikia mwalimu bila salamu ni kumkosea adabu. Iwe fupi, na ombi lije mara tu baada yake. Wazazi wengi wenye adabu hulizungusha ombi: wanaomba radhi kwa usumbufu, wanasema wana jambo dogo, wanasifu shule kwa aya nzima, na kikao kinatajwa mstari wa mwisho kwa sauti ya mtu asiyetaka kusumbua. Mwalimu akisoma hayo anaamini jambo ni dogo kweli. Unaweza kumheshimu mwalimu mkuu na bado ukamwambia siku mbili unazoweza kufika.

Matukio yamepewa namba na yanafuata kalenda. Tazama kilichomo: fedha zilizochukuliwa pamoja na ahadi ya kuzichukua tena, wawili wakubwa dhidi ya mmoja mdogo, siku tatu tofauti. Sifa zote tatu za Olweus zimo, bila mama kuandika kwamba watoto hao ni wakatili au wamelelewa vibaya. Tazama pia maneno "anasema" na "niliona". Yanamwonyesha mwalimu ni wapi pa kuchunguza na ni wapi pana ushahidi tayari.

Mstari kuhusu mhudumu wa basi wengi wangeurekebisha. Hakumwona aliyetupa daftari, na kuliandika hilo kunaonekana kama kudhoofisha kesi. Lakini mwalimu mkuu atamwita mhudumu huyo kabla ya kikao. Akikuta maneno yake yanalingana na barua, ataiamini na mistari mingine ambayo hana shahidi wake. Akikuta mama ameongeza chumvi mahali pamoja, ataitilia shaka barua nzima, na atakayelipa gharama ya shaka hiyo ni mtoto.

Sababu ya dharura imeelezwa kwa ukweli wa ratiba: basi ni moja, na linaondoka leo jioni. Hapo ndipo yanapotokea maombi mawili ya muda. Kikao kinaweza kuchelewa hadi Ijumaa, lakini kiti cha mbele hakihitaji kikao. Kinahitaji simu moja kwa mhudumu. Ombi dogo linalotekelezeka saa hiyohiyo humpa mwalimu hatua ya kuanzia, nalo hukupa wewe njia ya kujua kama barua imesomwa. Mtoto akiketi kiti cha nyuma jioni hiyo, umeshapata jibu.

Yanayoiharibu barua

La kwanza ni kutaja adhabu. Mzazi akiandika "nataka wafukuzwe" au "wachapwe mbele ya paredi", mazungumzo yanahama kutoka kwa mtoto wake kwenda kwa watoto wa wenzake, na mwalimu mkuu anajikuta akiwatetea. Tena fikiria kinachofuata. Watoto wawili wamechapwa asubuhi kwa sababu N alisema, na jioni wote watatu wako ndani ya basi lilelile. Omba ulinzi na uchunguzi, adhabu iache kwenye taratibu za shule.

La pili ni vitisho. Kutaja wakili, polisi au vyombo vya habari katika barua ya kwanza humfanya mwalimu aache kuandika kwa uhuru na aanze kujilinda. Mzazi ana haki ya kufika huko baadaye, na barua tulivu ya kwanza ndiyo itakayomsaidia zaidi akifika.

La tatu ni hadhira. Barua iende kwa mwalimu mkuu, na nakala, ukipenda, kwa mwalimu wa darasa. Usijaze sehemu ya Cc kwa wajumbe wote wa bodi, na usiipeleke kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Humo kuna wazazi wa A na wa B. Kabla ya saa sita mchana watoto wote wa basi watajua, mashahidi watakuwa wamepewa la kusema nyumbani, na N atakuwa ameonewa kwa mara ya nne, safari hii na watu wazima. Picha nazo ziwe za jeraha peke yake, bila sura ya mtoto, na zitajwe kwamba zipo; utazionyesha kwenye kikao.

La nne ni historia ndefu. Malalamiko ya mwaka jana kuhusu chakula, karo iliyopanda, mwalimu wa Kiingereza aliyehama: yote yanaweza kuwa ya kweli, na yote yanamfundisha msomaji kuruka mistari. Barua moja, jambo moja. Ukiona imevuka ukurasa mmoja, anza kufuta vivumishi, na urefu utapungua wenyewe.

Pale ambapo barua pepe si njia

Kuna mambo ambayo hayasubiri mwalimu mkuu afungue kompyuta. Mtoto akiwa ameumia vibaya, akitishiwa kwa kisu au silaha nyingine, akiguswa au kulazimishwa jambo la kingono, au akisema hataki kuishi, siku hiyo nenda hospitali na polisi, na mtoto asiachwe peke yake. Katika vituo vya polisi Tanzania kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na polisi ndiko inakotolewa fomu ya PF3 ya matibabu ya majeraha yenye sura ya jinai. Jeraha likihatarisha maisha, tangulia hospitali, fomu itafuata. Simu ya bure ya huduma kwa mtoto ni 116, Tanzania na Kenya pia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nchini Tanzania inamtaka yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwa serikali za mitaa za eneo lake, na hapo afisa ustawi wa jamii ndiye mtu wa kumtafuta. Barua kwa mwalimu mkuu utaiandika baadaye, kumjulisha ulichokwisha kufanya.

Vilevile, ikiwa anayemwonea mtoto ni mwalimu au mfanyakazi wa shule, barua kwa mwalimu mkuu peke yake haitoshi. Hapo ngazi ya juu yake ijue tangu mwanzo.

Ndani ya kikao, na siku zinazofuata

Tuseme mwalimu mkuu amejibu, kikao ni Ijumaa saa tatu. Nenda na daftari, picha, na shati lililochanika. Nenda na mwenzako mmoja, baba wa mtoto au shangazi, awe anaandika wakati wewe unazungumza. Mtoto asikae kikao kizima. Kama shule inataka kumsikia, asikilizwe peke yake na mwalimu wa malezi na unasihi au mwalimu mwingine anayemwamini.

Kuna pendekezo moja litakalotolewa kwa nia njema, nawe ulikatae kwa upole: kuwaita watoto wote watatu pale pale, wapeane mikono, yaishe. Sisi ni watu wa suluhu, na kati ya waliogombana wakiwa sawa, suluhu hufaa. Lakini pale ambapo mmoja anawaogopa wengine, mtoto ataitikia chochote mbele ya wakubwa, atasema amesamehe, na atatoka ofisini akiwa amewaona wanaomwonea wakifahamu kwamba amesema. Omba kila mmoja ahojiwe kwa wakati wake, na mashahidi wa basi waulizwe kabla ya hapo. Usitegemee pia kuambiwa A na B wamepewa adhabu gani. Hiyo ni siri ya watoto wale, kama ambavyo usingependa ya mwanao itangazwe. Unachostahili kuambiwa ni nini kimebadilika kwa ajili ya usalama wa mwanao.

Jioni ya siku hiyohiyo andika barua pepe ya pili, fupi kuliko ya kwanza. Anza kwa shukrani, kisha orodhesha mliyokubaliana: nani atafanya nini, na kufikia lini. Kwa mfano: mhudumu wa basi atamketisha N mbele hadi mwisho wa muhula, mwalimu wa nidhamu atawahoji wanafunzi kabla ya Jumatano tarehe 27, wazazi wa A na B wataitwa na shule, N akipata shida atamwendea mwalimu wa malezi, mtaonana tena Ijumaa tarehe 5 Septemba. Malizia kwa kuomba usahihishwe kama umeelewa vibaya. Ahadi iliyotolewa kwa mdomo sasa ina tarehe na ina mwenye nayo.

Na kama hakuna jibu? Siku ileile baada ya saa nane, piga simu ofisini, useme umetuma barua na inahusu usalama wa mtoto. Kesho yake asubuhi fika mwenyewe na nakala iliyochapwa, mkabidhi katibu muhtasi, na umwombe asaini nakala yako kuwa imepokelewa. Kimya kikiendelea, kwa shule ya serikali panda kwenye kamati ya shule na Afisa Elimu Kata, kisha kwa afisa elimu wa halmashauri. Kwa shule ya binafsi, anza na meneja au mmiliki, kisha ofisi ya Uthibiti Ubora wa Shule ya wilaya. Kila ngazi ipelekee barua ileile ya kwanza bila kuibadilisha, ukiongeza mistari miwili juu yake: niliituma tarehe hii, sikujibiwa. Atakayeipokea atakuta matukio, tarehe, majina na ombi, vyote katika ukurasa mmoja, na ataweza kuanza kazi siku hiyohiyo bila kukuita urudie kisa tangu mwanzo.